Dakika arobaini za kikao cha kufunga: mkaguzi anaposema "tumekuta kasoro kubwa moja" ana maana gani

Kwenye viwanda vya samaki vya Mwanza kuna swali ambalo nimelisikia kila ukaguzi wa cheti unapoisha, likiulizwa kwa sauti tofauti lakini maneno yaleyale: "Sasa tumefaulu au tumefeli?" Mara nyingi mwenye kuuliza ni mkurugenzi, na mara nyingi anauliza kabla kiongozi wa timu ya ukaguzi hajamaliza sentensi yake ya pili. Simlaumu. Ameweka fedha na matumaini mengi kwenye cheti hicho, mnunuzi wake wa minofu anakisubiri, na sasa watu watatu wenye makoti meupe na buti za kuazimwa wamekaa mbele yake wakisoma karatasi kwa lugha ya tahadhari.

Lugha hiyo ya tahadhari ndiyo ninayotaka kuifungua hapa. Hotuba ya kufunga ukaguzi wa ithibati haitungwi na kiongozi kwa kupenda kwake. Sehemu kubwa ya mambo anayoyasema inadaiwa na kiwango kiitwacho ISO/IEC 17021-1 cha mwaka 2015, ambacho ndicho kinachoyabana mashirika yanayotoa vyeti. Anayejua kila sentensi imewekwa kwa kazi gani hatahangaika na maneno ya adabu, na hatapitwa na yale mazito yanayosemwa kwa upole.

Nitatumia kikao kimoja nilichohudhuria nikiwa mkaguzi wa pili. Kiwanda nitakiita kiwanda tu. Kinapokea sangara kutoka kwa boti za kukusanya zinazozunguka visiwani, kinatoa minofu mibichi na iliyogandishwa, na kilikuwa kinaomba cheti cha ISO 22000:2018, yaani cha mfumo wa usalama wa chakula, kwa mara ya kwanza. Tulikuwa hatua ya pili ya ukaguzi, ile ya kuingia ndani na kuona kama yaliyoandikwa yanafanyika.

Kwanza niseme tulichokikuta, maana hotuba yote ilizunguka hapo.

Siku ya kwanza asubuhi tulisimama mapokezi, pale sangara wanaposhushwa kutoka kwenye gari lenye barafu. Kiwanda chenyewe, katika mpango wake wa kudhibiti hatari, kilikuwa kimeamua kwamba joto la samaki wakati wa kupokelewa ni mahali pa udhibiti muhimu, na kikajiwekea kikomo: nyuzi 4 za Selsiasi, zikizidi mzigo unawekwa pembeni. Msimamizi wa zamu alichoma kipimajoto kwenye mnofu mnene nyuma ya kichwa, akasubiri, akasoma 2.9, akaandika. Kila kitu sawasawa. Kiongozi wetu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akaomba beseni, barafu iliyosagwa na maji kidogo. Akakoroga, akaacha itulie, akatumbukiza kipimajoto cha kiwanda na cha kwake pamoja.

Barafu inayoyeyuka ndani ya maji safi inapaswa kusoma sifuri. Ndiyo njia nyepesi kuliko zote ya kuhakiki kipimajoto, na kwa Mwanza ni bora kuliko ya maji yanayochemka, kwa sababu huku juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na nimeshaona fundi akikishutumu kipimajoto kizima kwa kuwa kimegoma kufika 100. Kipimajoto cha kiongozi kilisoma 0.1. Cha kiwanda kilisoma -1.8. Kwa maneno mengine kilikuwa kinapunguza karibu nyuzi mbili. Yule samaki wa 2.9 alikuwa kwenye 4.7.

Kibandiko cha uhakiki ubavuni mwa kifaa kilionyesha muda wake umepita miezi saba. Tukaomba fomu za mapokezi, tukachukua 14 kutoka kwenye bunda la miezi mitatu. Katika tano kati ya hizo, joto lililoandikwa lilikuwa kati ya 2.3 na 3.9. Ukiongeza 1.8 kwa kila moja, zote tano zinavuka kikomo.

Mchana uleule, kabla hata hatujala, kiongozi alimwita mkuu wa ubora na kumwambia. Watu wengi hawalijui jambo hili. Mkaguzi akiona dalili ya hatari kubwa ya papo hapo, haruhusiwi kuifungia kwenye daftari akisubiri kikao cha kufunga siku ya tatu. Anatakiwa kumweleza mteja palepale, na ikiwezekana shirika lake la vyeti pia. Kiwanda kikaweka pembeni mizigo ya siku ile na iliyokuwa bado kwenye chumba cha baridi. Kwa hiyo kikao cha kufunga kilipofika, hakuna aliyeshtuka kusikia neno kipimajoto. Ukisikia habari mpya kabisa kwenye kikao cha kufunga, ujue timu ya ukaguzi haikufanya vikao vyake vya jioni vizuri.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, tukakaa. Karatasi ya mahudhurio ikazungushwa kwanza, nayo si urasimu mtupu. Kikao hiki lazima mahudhurio yake yaandikwe, kwa sababu baadaye mtu akisema "sisi hatukuambiwa" karatasi ile ndiyo itakayojibu. Alikuwepo mkurugenzi, meneja wa uzalishaji, mkuu wa ubora, mhasibu, dada wa rasilimali watu. Na kwa ombi la kiongozi wetu, alikuwepo msimamizi wa zamu wa mapokezi, aliyekuja na buti zake akakaa karibu na mlango.

Kiongozi alianza kwa shukrani, kama ilivyo ada, akarudia lengo na mipaka ya ukaguzi, kisha akasema sentensi ambayo wakurugenzi wengi huiruka: "Tumeangalia sampuli. Hatujaangalia kila fomu wala kila zamu. Pale ambapo hatujasema kitu, msione kwamba tumethibitisha hakuna tatizo."

Maneno haya yana kazi mbili. Yanamlinda mkaguzi, ndiyo, na wajanja husema ni ya kukwepa lawama. Lakini pia yanambebesha mteja kazi. Sisi tuliona fomu tano kati ya 14. Bunda lilikuwa na fomu nyingi zaidi, na hakuna aliyezigusa. Anayesikia "fomu tano" na kwenda kurekebisha fomu tano hajaelewa. Tano ni zile tulizobahatika kuzishika.

Akaja kwenye matokeo. Hapa aliacha kuongea kwa kichwa na kuanza kusoma, neno kwa neno, na ndivyo inavyotakiwa. Alisoma hivi:

"Kifungu cha 8.7 cha ISO 22000:2018 kinataka vifaa vya kupimia vihakikiwe kwa vipindi vilivyopangwa, na kifaa kikigundulika hakiko sawa, kiwanda kitathmini vipimo vilivyochukuliwa nyuma. Kipimajoto cha mapokezi kilisoma -1.8 kwenye barafu inayoyeyuka. Kibandiko chake kilikuwa kimepita muda kwa miezi saba. Hakuna kumbukumbu ya tathmini ya vipimo vya nyuma. Katika fomu 14 zilizoangaliwa, mizigo mitano ilipokelewa juu ya kikomo cha nyuzi 4."

Kasoro iliyoandikwa vizuri ina mambo matatu tu: takwa linasemaje, kilichoonekana ni nini, na kwa ushahidi gani. Haina kivumishi. Hutasikia "mapokezi yenu ni mabovu" wala "uzembe mkubwa". Mkaguzi akianza kutumia maneno hayo, mteja atabishana na maneno badala ya ushahidi, na atakuwa na haki.

Halafu akasema daraja: kubwa. Kelele zikaanza.

Tofauti ya kasoro kubwa na ndogo si ukali wa mkaguzi, wala si ukubwa wa gharama. Kasoro kubwa ni ile inayoathiri uwezo wa mfumo kufikia lengo lake. Kasoro ndogo ni takwa limevunjwa lakini mfumo bado unasimama. Tulikuwa na mfano wa ndogo siku hiyohiyo: wafanyakazi wawili wapya wa kukata minofu hawakuwa na kumbukumbu za mafunzo, na mmoja hakujua afanye nini mnofu ukidondoka sakafuni. Ni kosa, lakini msimamizi wake alikuwa hatua tatu kutoka pale na alijua. Kipimajoto hakikuwa na wa kukisahihisha. Kiwanda kilisema chenyewe kwamba joto la mapokezi ni mahali muhimu pa udhibiti, na mahali hapo palikuwa na jicho linalodanganya kwa muda usiojulikana, huku ukaguzi wa ndani na uhakiki wa kila mwezi vikipita bila kuliona. Hapo si kifaa kimoja kilichoharibika, ni tabaka tatu za ulinzi zilizolala kwa pamoja.

Mkuu wa ubora alikuwa ameinamia daftari. Aliyenyoosha mkono alikuwa yule wa mlangoni.

"Samahani mama," akasema, "kile kipimajoto kilidondoka. Siku moja kabla hamjaja. Kilianguka kwenye sakafu ya zege wakati tunashusha mzigo wa usiku."

Chumba kikanyamaza. Meneja wa uzalishaji alimtazama kwa jicho ambalo sikulipenda. Lakini yule kijana alikuwa amesema jambo zito kuliko wote mle ndani. Kama kipimajoto kiliharibika kwa kudondoka siku moja kabla, basi fomu za miezi mitatu zilikuwa sahihi na mizigo mitano haikuvuka chochote.

Kiongozi wetu hakujitetea. Akauliza: "Mara ya mwisho mlikijaribu lini kwenye barafu, na imeandikwa wapi?"

Haikuandikwa popote. Hawakuwa wakikijaribu. Kazi hiyo iliachiwa fundi wa nje wa mara moja kwa mwaka, na mwaka ulikuwa umeshapita.

Akaomba dakika tano. Tukatoka kwenye veranda, upepo wa ziwa ukipeperusha karatasi, akatuuliza sisi wawili tunaonaje. Tuliporudi, alisoma upya sentensi ya mwisho. Badala ya "mizigo mitano ilipokelewa juu ya kikomo", sasa ilisema "kwa mizigo mitano kati ya 14 iliyoangaliwa, kiwanda hakikuweza kuonyesha kwamba kikomo kilizingatiwa." Daraja likabaki kubwa.

Nimesimulia hili kwa urefu kwa sababu ndipo watu wengi wanapotea. Wengine hudhani kikao cha kufunga ni cha kusikiliza tu na kwamba kubisha ni utovu wa adabu. Wengine hudhani ukibisha kwa nguvu kasoro itashushwa. Yote mawili si kweli. Ushahidi mpya ukija, maneno hubadilika, na yalibadilika mbele ya macho yao. Tulikuwa tumeandika zaidi ya tulichokijua. Lakini takwa halisemi "kifaa kisiharibike". Linataka uweze kuonyesha kwamba kiko sahihi, na kikikutwa hakiko sahihi urudi nyuma kutazama. Kudondoka kwa kifaa kulieleza jana. Hakukuweza kuieleza miezi saba. Na kama wangekuwa wamekijaribu kwenye barafu kila asubuhi, kazi ya dakika chache, tungekuwa na mstari wa mwisho ulio sahihi na kasoro ingekuwa ndogo, pengine isingekuwepo.

Kama wangeendelea kutokubaliana, kiongozi asingewalazimisha kukubali. Tofauti ya mawazo isiyotatuliwa inaandikwa na kupelekwa kwa shirika la vyeti. Sahihi ya mkurugenzi chini ya ripoti ya kasoro huonyesha kwamba ameielewa. Hakuna anayekiri kosa kama mahakamani.

Likaja sasa lile swali. Tumefaulu au tumefeli?

"Bwana Mkurugenzi," akasema kiongozi, "mimi sitoi cheti. Napendekeza. Wanaoamua ni watu wengine ofisini ambao hawakuwa kwenye timu hii. Na kwa sasa siwezi kupendekeza mpaka kasoro kubwa ifungwe."

Kutenganisha anayekagua na anayeamua ni takwa la kiwango. Aliyekula chakula chako siku tatu na kuzoea uso wako hapaswi kuwa ndiye anayepiga muhuri. Kwa kasoro ndogo, mteja hupeleka mpango wa kurekebisha, ukikubaliwa inatosha, utekelezaji utaangaliwa ukaguzi ujao. Kwa kasoro kubwa mpango hautoshi. Lazima marekebisho yenyewe yathibitishwe, kwa nyaraka au kwa kurudi tena. Na kwa ithibati ya mara ya kwanza kuna ukuta: yasipothibitishwa ndani ya miezi 6 tangu siku ya mwisho ya hatua ya pili, hatua ya pili yote inarudiwa. Siku za kuwasilisha majibu hupangwa na shirika lenyewe, na kiongozi alizitaja, pamoja na lini ripoti kamili itafika na namna ya kukata rufaa au kulalamika. Sehemu hii alipita haraka, nami napita haraka.

Mkurugenzi akauliza la pili, ambalo kwa kweli ndilo gumu zaidi kulijibu. "Basi tuambie tufanye nini, mama. Wewe ni mtaalamu."

Hakujibu. Alitabasamu, akasema hilo ni lao.

Najua linavyoudhi. Umelipia ukaguzi, mtaalamu anajua, kisha ananyamaza. Lakini kiwango kinamkataza kupendekeza chanzo cha kasoro au suluhisho lake. Akikwambia "nunua vipimajoto viwili, uwe unalinganisha", mwakani atakuja kukagua ushauri wake mwenyewe, na hakuna anayeona ubaya wa mtoto wake. Tena huenda chanzo anachokidhani si chenyewe. Kwenye veranda sote watatu tulidhani mkuu wa ubora alisahau tu tarehe. Tungekuwa tumesema hivyo, wangeandika "tumemkumbusha mhusika" na kufunga faili.

Mkurugenzi alikuwa na hofu nyingine ambayo aliisema mwishoni, kwa sauti ya chini: je, tutaripotiwa serikalini, mzigo utazuiwa? Kwa mtu wa rika lake hapa Mwanza hofu hiyo ina historia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na mji ulikiona cha moto. Lakini ukaguzi wetu ulikuwa wa cheti cha hiari. Ruhusa ya kusafirisha samaki nje ni suala la mamlaka ya uvuvi, wenye maabara yao pale Nyegezi, na kasoro yetu si amri ya kuzuia chochote. Kile kinachofanyika kwa mizigo iliyo mashakani ni wajibu wa kiwanda, chini ya kifungu cha 8.9 kinachohusu bidhaa ambazo huenda si salama: kuzishikilia, kuzitathmini, na kama zimeshatoka, kuamua kama ziitwe zirudi. Hatukuwaambia waamue nini. Tuliwaambia tutaomba kuona uamuzi huo na sababu zake.

Kikao kiliisha saa kumi kasoro dakika ishirini. Mlangoni tulikuta maboksi matatu ya minofu yamefungwa vizuri kwa barafu, na juu yake kifuko ambacho nadhani kilikuwa na mabondo, vile vibofu vya hewa vya sangara. Kiongozi alishukuru sana, akaulizia bei, na aliposikia hayauzwi akasema basi atakuja siku ambayo yanauzwa. Nilirudi nyumbani Ilemela nikanunua dagaa.

Jibu la kwanza la kiwanda lilifika baada ya wiki mbili: "Tumenunua kipimajoto kipya chenye cheti na tumemfundisha msimamizi." Lilirudishwa. Kifaa kipya ni kuziba tundu, na ni lazima kizibwe, lakini hakijibu kwa nini tundu lilikaa miezi saba. Wala msimamizi hakuwa tatizo. Ndiye pekee aliyejua kifaa kilidondoka na akasema.

Jibu la pili lilichukua mwezi. Walikuwa wamefuata njia ya kile kifaa nyuma mpaka siku kilipofika. Kipimajoto cha awali kiliharibika, kingine kikanunuliwa dukani mjini kikiwa na kibandiko cha muuzaji, kwa fedha ndogo za ofisi, risiti ikaenda moja kwa moja kwa mhasibu. Hakikupita stoo. Orodha ya vifaa vya kuhakikiwa ilikuwa inatengenezwa kutokana na vitabu vya stoo, kwa hiyo kwa orodha ile kifaa hicho hakikuwahi kuwepo, na mkuu wa ubora aliyeifuata kwa uaminifu kila mwezi asingeweza kukiona hata angekuwa makini namna gani. Walipotafuta vingine vya namna hiyo walipata mizani miwili na kipimajoto cha chumba cha baridi.

Nilitumwa kuthibitisha. Mapokezi nilimkuta kijana yuleyule. Kwenye fomu palikuwa na mstari mpya juu kabisa, kabla ya jina la boti: "Barafu, saa ..., imesoma ...". Asubuhi hiyo alikuwa ameandika saa 12:10, 0.2.